Daftari la bibi: nataka kugeuza mapishi ya maelezo kuwa jedwali na hatua, lakini mkate wa kwanza umenitoka uji wenye ukakasi

BintiKibokoni (mleta uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi. Nina daftari la marehemu bibi yangu, mapishi kama arubaini hivi, yote kayaandika kwa mtiririko kama mtu anayekusimulia umekaa naye barazani. Nimeombwa na ndugu zangu niyapange upya ili kila mtu ayapate kwenye simu: juu jedwali la vitu vinavyohitajika, chini hatua kwa nambari, na vipimo viwe vya aina moja, si hapa kikombe pale bilauri.

Nimeanza na mkate wa sinia. Haya ndiyo maneno yake, sikuondoa wala kuongeza:

"Mkate wa sinia wa kufuturia. Mchele vikombe viwili uuroweke saa tatu. Tui la nazi mbili, bakisha kidogo. Baada ya adhuhuri uusage mchele ulioutoa maji kwa tui na iliki punje saba zilizotwangwa na kijiko cha hamira, uwe laini usiwe na chenga. Ukiona mzito utie lile tui uliloweka. Uache uumuke. Utie sukari kikombe kasorobo, ukiwa umeshapiga ute wa yai moja mpaka ukawa povu, uchanganye taratibu. Sinia iwe imepata moto na samli, umimine, ufunike, mkaa chini kidogo juu mwingi. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu umewiva."

Nikaandika jedwali langu, nikapika kwa kulifuata neno kwa neno. Mchele niliuroweka ndani ya tui, saa tatu usiku, mpaka adhuhuri ya kesho yake. Hamira kijiko kimoja cha mezani. Uliumuka kwa nusu saa tu ukafurika bakuli, kisha ukazama. Harufu kama maziwa lala, na baada ya kuoka katikati ulikuwa uji. Nimekosea wapi? Na nyinyi mnaopanga mapishi ya wazee, mnaanzia wapi?

---

MzeeWaTudor

Waleikum salaam. Binti, usijisumbue. Kikombe ni mililita 250, dunia nzima inajua. Kijiko cha mezani 15, cha chai 5. Mililita moja ni gramu moja. Kwa hiyo mchele vikombe viwili ni gramu 500, sukari kikombe kasorobo ni gramu 187 na nusu, kwisha. Zidisha tu, jedwali lako litatoka kwa dakika tano.

---

MamaMahamri_Likoni

Mimi nina swali kama hilo hilo. Nauza mahamri, kila asubuhi pakiti tatu za unga za kilo mbili. Sukari natia kwa bakuli la plastiki la bluu, tui kwa jagi. Sasa binti yangu akipika yeye yanatoka magumu, na bakuli ni lile lile. Hilo jedwali litanisaidia au ni la watu wa mikate ya futari tu?

---

ShaibuWaBondeni

Dada mwenye uzi, kama wataka mapishi ya mkate wa sinia mazuri uliza. Mke wangu hutia mchele wa pishori vikombe vitatu, tui la kopo, hamira, sukari, na arki kidogo. Wallahi hauozi hata siku mbili.

---

BintiKibokoni

Ami Shaibu shukran, ila mapishi ninayo. Nauliza namna ya kuyaandika.

---

MpishiMstaafu

Nimefanya kazi jikoni hotelini Pwani ya Kaskazini miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa hii hii: mpishi mzee anakuambia kwa mdomo, wewe uandike karatasi ambayo kijana wa zamu ya usiku ataifuata asikupigie simu. Binti, mkate wako haukuharibiwa na jedwali. Uliharibiwa na maneno manne uliyoyasoma haraka. Niyachukue moja moja.

La kwanza ni "uliloweka". Wewe umelisoma *kuloweka*, ukaona bibi anasema tui ulilowekea mchele. Tazama daftari: bibi yako kuloweka anaandika "uuroweke", kwa r, kama wasemavyo watu wa Mji wa Kale. Hiyo "uliloweka" ni *u-li-lo-weka*, yaani lile tui uliloliweka kando, ambalo mistari miwili nyuma alikwambia "bakisha kidogo". Angetaka maana yako angesema "ulilorowekea". Kwa hiyo mchele unarowekwa kwa maji, maji yanamwagwa (mwenyewe amesema "ulioutoa maji"), na tui linagawanywa mafungu mawili. Tui kukaa na mchele usiku kucha kwa joto la Mombasa, pasi na friji, ni lazima lichache. Harufu ya maziwa lala uliyoisikia ni hiyo.

La pili ni "saa tatu". Linasomeka kwa njia tatu: muda wa saa tatu, saa tatu ya asubuhi, au saa tatu ya usiku. Wewe umechukua ya usiku. Lakini mkate ni wa kufuturia, na anasema usage baada ya adhuhuri. Mtu wa kufuturia hana haja ya kuanza jana. Kwangu mimi ni saa tatu asubuhi, ambayo mpaka baada ya adhuhuri ni kama saa tatu na nusu. Ndiyo maana kwenye hatua zako usiandike kamwe "saa tatu" peke yake. Andika "kwa muda wa saa 3 hadi 4" au "kuanzia saa tatu asubuhi", moja kati ya hayo.

La tatu, "kijiko". Nitalirudia.

La nne ni "ukiwa umeshapiga ute". Hapa ndipo watu wengi huanguka wanapogeuza maelezo kuwa nambari. Anayesimulia hasemi mambo kwa mpangilio wa kuyatenda. Akikumbuka katikati, anatumia *-mesha-* au *iwe ime-* kurudi nyuma. "Ukiwa umeshapiga ute" ni hatua nzima inayotangulia kutia sukari. "Sinia iwe imepata moto na samli" ni hatua inayotangulia kumimina. Vivyo hivyo "iliki zilizotwangwa": kutwanga hakukuandikwa popote kama kazi, kumejificha ndani ya sifa. Mimi huchukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya kila *-mesha-*, kila *-liyo-* na kila *iwe ime-* kabla sijaandika nambari 1. Kila mstari mwekundu ni kazi inayotafuta mahali pake juu zaidi.

---

MzeeWaTudor

Hayo ya lugha sawa. Lakini vipimo nimesema kweli au si kweli?

---

MpishiMstaafu

Nusu, mzee wangu. Gramu moja kwa mililita ni sahihi kwa maji, na kwa tui unakaribia sana, huwezi kuona tofauti kwenye mkate. Kwa vitu vikavu hapana. Kikombe cha mililita 250 cha mchele ni kama gramu 200. Unga wa ngano ukiuchota kwa kijiko na kusawazisha ni 125 au 130, ukiuzamisha kikombe kwenye mfuko na kuushindilia unafika 150. Kikombe kilekile, mtu yuleyule, siku mbili tofauti. Mama Likoni, mahamri ya binti yako yanaanzia hapo, nitakuja kwako.

La pili, nani amesema kikombe cha bibi ni 250? Binti, kikombe chake kipo?

---

BintiKibokoni

Kipo! Cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Sasa tunatilia kalamu.

---

MpishiMstaafu

Toa kalamu. Kiweke juu ya mizani ya jikoni, rudisha sifuri, kijaze maji mpaka pale bibi alipokuwa akijaza (kama hujui, mpaka ukingoni kasoro unene wa kidole). Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Kisha kikaushe, pima mchele mara tatu, uchukue kiwango cha kati. Halafu sukari hivyo hivyo. Usitafute hesabu ya mtu mwingine pale ambapo kikombe chenyewe unacho mkononi.

---

Nahodha_Changamwe

Bibi yangu alikuwa na kibaba. Vibaba vinne pishi moja. Hivyo navyo mnavigeuzaje?

---

MpishiMstaafu

Kibaba ni ujazo, si uzani, na vibaba viwili ni kisaga. Kama lile kopo lenyewe lipo, lifanyie kama kikombe cha bati. Kama halipo, andika "kibaba" kwenye jedwali lako na pembeni uandike ulichokisia, ili atakayekuja ajue ni kisio lako, si neno la bibi. Kila jedwali ninalotengeneza lina safu ya "alivyosema" na safu ya kipimo. Ya kwanza haifutwi hata ikionekana ya kuchekesha. Niliwahi kukuta "iliki ya shilingi moja".

---

BintiKibokoni

Ya shilingi moja ipo kwetu pia, kwenye biriani 😂

Nimepima. Maji: 310. Mchele: 250, 254, 248. Sukari kikombe kizima: 264, kwa hiyo kasorobo, yaani robo tatu, ni 198. Mzee Tudor, kwa mchele tumekutana kwenye gramu 500 hizo hizo, ila kwa njia tofauti.

---

MzeeWaTudor

Si nilisema.

---

MpishiMstaafu

Makosa mawili yamekutana yakakupa jibu sahihi, mzee. Kikombe ni kikubwa kuliko ulivyodhani, na mchele ni mwepesi kuliko ulivyodhani. Jaribu kwa mahamri uone.

Sasa kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha hamira kavu ni kama gramu 3, cha mezani ni mara tatu yake. Kwa nusu kilo ya mchele, gramu 9 za hamira ni nyingi mno kwa joto letu. Inaumua upesi, vipovu vinakua vikubwa, vinapasuka, mkate unalala. Ulivyoeleza ndivyo ilivyokuwa. Lakini tahadhari: umekosea mambo mawili kwa pamoja, kuchachisha mchele ndani ya tui na kuzidisha hamira. Huwezi kusema ni lipi lililokuzamisha zaidi. Rekebisha yote mawili, lakini ukitaka kujaribu lolote lingine, badilisha moja tu kila unapopika.

Kuna swali moja siwezi kulijibu nikiwa hapa. Hamira ya zamani ilikuwa ya chengachenga, ya kuamsha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Ya siku hizi iliyo laini unaitia moja kwa moja, nayo ina nguvu zaidi. Kwa kawaida, ukibadilisha ya chengachenga kwa hii laini, unatia kama robo tatu ya uzito wake. Bibi hasemi kuamsha. Ama alitumia ya laini, ama kuamsha lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua hata halifai kuandikwa.

---

KijanaWaMajedwali

Naongezea la kiufundi maana nimepanga ya mamangu kwenye lahajedwali. Kosa la kila mtu ni kuandika "500 g" ndani ya kisanduku kimoja. Programu inaona ni maneno, siyo namba. Ukitaka kuzidisha mara mbili kwa wageni unapata `#VALUE!`. Weka namba peke yake kwenye safu ya B na kipimo kwenye safu ya C. Pia usiandike 1/2, mara nyingi inageuka kuwa tarehe yenyewe. Andika 0.5.

Halafu weka kizidisho kwenye kisanduku kimoja, mfano `E1`, na kila mstari uwe hivi:

```
=B2*$E$1
```

`E1` ikiwa 1 ni sinia moja, ikiwa 2 ni mbili. Hizo alama za dola zinazuia kisanduku kuhama ukinakili fomula kwenda chini.

---

MamaMahamri_Likoni

Haya ya dola na E mimi sijui. Nijibiwe la mahamri.

---

MpishiMstaafu

Mama, wewe ndiye una kazi rahisi kuliko wote hapa, kwa sababu unga wako umeshapimwa na kiwanda: pakiti ni kilo mbili. Kila kitu kingine kipime kwa kukilinganisha na unga. Kesho ukipika *wewe*, si binti, weka bakuli la bluu kwenye mizani kabla na baada ya kutia sukari. Ukikuta kwa pakiti tatu umetia kilo moja na nusu, basi ni gramu 25 za sukari kwa kila gramu 100 za unga. Tui vivyo hivyo. Ukishakuwa na hizo namba, pakiti moja au kumi hesabu ni ile ile.

Tui ndilo litakalokufumbua macho. Nadhani wewe jagi hulitii lote, unasimama mkono ukikwambia. Binti yako analitia lote au analipunguza kwa woga. Anayepunguza ndiye anayetoa mahamri magumu. Kwa hiyo kwenye karatasi yake usiandike namba moja, andika "anza na kiasi hiki, ongeza mpaka unga uache kushika bakuli". Na usidhani ukiongeza unga mara tano muda wa kuumuka unabaki vilevile. Donge kubwa hutunza joto lake lenyewe na huumuka upesi.

---

MamaMahamri_Likoni

Ndiyo, jagi silitii lote. Umejuaje wewe?

---

UmmKulthum_Nje 

Mimi niko ughaibuni, mkaa sina. "Mkaa chini kidogo juu mwingi" mnaandika nyuzi ngapi? Mimi huweka 180 ya selsiasi dakika 35, unaiva ila juu hauchomeki rangi.

---

Nahodha_Changamwe

180 iko sawa, washa moto wa juu dakika tano za mwisho.

---

MpishiMstaafu

Mimi nisingeandika nyuzi yoyote kwenye mapishi ya bibi, kwa sababu hakupika kwa nyuzi. Ningeandika alivyosema, kisha chini yake "kwa oveni, jaribio la Umm Kulthum: 180, kisha moto wa juu". Jina la aliyejaribu libaki. Nahodha na mimi hapa tunaweza kutofautiana. Moto wa juu dakika tano kwenye oveni moja ni rangi ya dhahabu, kwenye nyingine ni majivu.

---

BintiKibokoni

Nimeandika upya. Naomba mniraruie.

| Kitu | Alivyosema | Kiasi | Kipimo |
|---|---|---|---|
| Mchele | vikombe viwili | 500 | gramu |
| Maji ya kurowekea | (hakutaja) | kufunika mchele | |
| Tui zito, la kusagia | tui la nazi mbili | 400 | mililita |
| Tui zito, la kulegezea | bakisha kidogo | 60 | mililita |
| Iliki | punje saba | 7 | punje |
| Hamira | kijiko | 1 | kijiko cha chai |
| Sukari | kikombe kasorobo | 200 | gramu |
| Ute wa yai | wa yai moja | 1 | yai |
| Samli | (hakutaja kiasi) | 1 | kijiko cha mezani |

1. Roweka mchele kwa maji, kwa muda wa saa 3 hadi 4. Umwage maji, uuchuje vizuri.
2. Twanga iliki.
3. Saga mchele kwa tui mililita 400, iliki na hamira, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Ukiwa mzito ongeza lile la mililita 60 kidogo kidogo.
4. Funika, acha uumuke mpaka ujae mara mbili na juu uwe na vipovu.
5. Piga ute wa yai mpaka uwe povu linalosimama.
6. Tia sukari kwenye mchele ulioumuka, changanya. Kisha tia ute, ugeuze taratibu.
7. Pasha sinia na samli.
8. Mimina, funika, weka mkaa kidogo chini na mwingi juu.
9. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Nazi mbili za Marikiti zilinipa tui mililita 460 nikikamua bila kuongeza maji mengi, ndiyo nikagawa 400 na 60.

---

MzeeWaTudor

Umesema vipimo viwe vya aina moja. Mbona kuna gramu, punje, vijiko na yai?

---

MpishiMstaafu

Hilo ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba vya aina moja havimaanishi gramu tupu. Inamaanisha kila *namna* ya kitu inapimwa kwa njia moja daftari zima. Vikavu vingi kwa gramu, vya majimaji kwa mililita, vinavyohesabika kwa idadi, na vichache sana kwa kijiko kilichosawazishwa. Mizani ya nyumbani inayosoma gramu moja moja haiaminiki ukiiwekea gramu tatu za hamira. Leo itasema 2, kesho 4. Kijiko kina ukweli zaidi hapo. Kinachokatazwa ni sukari kuwa gramu ukurasa huu, bilauri ukurasa ule.

Binti, jedwali zuri. Kugawa tui mistari miwili ndiko hasa. Ungeandika 460 mahali pamoja, mtu angelimimina lote hatua ya 3. Nina matatu.

Hatua ya 5 na ya 7 zinangojewa na mchanganyiko ulioumuka. Ukishatia ute ndani ukaanza kutafuta samli na kupasha sinia, povu linalala. Peleka ya 7 kabla ya ya 6. Mimi hukata hatua mpya panapokuwa na kungoja, kubadili chombo, au kubadili moto, kisha najiuliza: je, kuna kitu kinachokaa kikiharibika huku natafuta kingine?

Hatua ya 4 umefanya vyema kuandika dalili. Ukitaka ongeza muda, uandike kama masafa, na useme ni msimu gani. Kwenye Kaskazi, Februari na Machi, unga unaumuka upesi kuliko wakati wa Kusi. Muda mmoja kwa mwaka mzima utamdanganya mtu.

La tatu, sinia. Hujasema upana wake.

---

BintiKibokoni

Kweli! Langu ni sentimita 30.

---

KijanaWaMajedwali

Ukitumia la 24 mchanganyiko utakuwa mrefu mara moja na nusu na ushee. 30 mara 30 ni 900, 24 mara 24 ni 576, gawanya. Usilinganishe 30 na 24 zenyewe, linganisha eneo.

---

ShaibuWaBondeni

Na ndiyo maana katikati ulikuwa uji? Kama bibi alitumia sinia kubwa zaidi?

---

MpishiMstaafu

Inawezekana. Tena mkaa wa chini ukiwa mwingi unashika nje kabla ya ndani. Hapo bila sinia lake sidhani tutajua.

---

BintiKibokoni

Nimerudi. Nimepika jana kwa jedwali jipya, nimeroweka saa tatu asubuhi, nimesaga saa saba kasoro, hamira kijiko cha chai. Uliumuka kwa saa moja na dakika kumi, nimeandika "Kaskazi, jiko lenye joto". Hakuna harufu ya kuchacha. Katikati umeshikana isipokuwa upana wa sarafu hivi ulibaki mbichi kidogo.

Nikampelekea shangazi picha ya jedwali. Amesoma mstari kwa mstari, akanipigia. Anasema sinia la bibi alipewa jirani Kuze siku nyingi, lilikuwa kubwa, "la kubebea mikate ya watu kumi", sentimita hajui. Hamira anakumbuka ya kopo, ya chengachenga, na iliamshwa kwenye kikombe kile kile cha bati kwa tui la vuguvugu na kijiko cha sukari.

Kisha akaniuliza ute wa yai nimeutoa wapi. Nikamwambia umo daftarini. Akasema bibi hakuwahi kutia yai kwenye mkate wa sinia maisha yake yote; mstari ule ni mwandiko wa mamangu, aliuchomeka baadaye. Nimekwenda kutazama: wino ni mwingine.

Sasa jedwali lina safu ya tano, "nani kasema".

---

MzeeWaTudor

Na yule aliyeandika "saa tatu" ni bibi au mamako?

---

BintiKibokoni

Wino wa bibi. Ngoja nikatazame tena "kijiko".